Maji ya Ekari Moja ya Nyanya

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifongo vizazi vingi kabla ya mhandisi yeyote kufika na ramani. Mifereji hiyo ya asili huteka maji juu mlimani na kuyashusha taratibu hadi migombani. Chini yake, tambarare ya kusini mwa Moshi, mradi wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani hugawa maji ya mito ya Rau na Njoro kwa njia ile ile ya kuyaacha yatiririke yenyewe. Siku hizi, jirani na mifereji, mtu huona pia mipira myeusi ya matone imelazwa kwenye matuta ya nyanya na pilipili hoho, na kando yake pampu ikinguruma.

Mjadala wa ipi ni bora kati ya njia hizo mbili hausikiki tu mashambani. Umo pia madarasani, kwenye vyuo vya kilimo, na mara nyingi huanzia mahali pasipofaa. Huanza na mpira au mfereji, wakati swali la kwanza ni la mmea: ekari moja ya nyanya inahitaji lita ngapi leo? Jibu la swali hilo halibadiliki sana kwa sababu maji yamekuja kwa bomba au kwa mtaro. Kinachobadilika ni kiasi kinachopotea njiani, na ni mara ngapi mkulima analazimika kurudi shambani.

Maji mengi ambayo mizizi ya nyanya inavuta hayabaki kwenye mmea. Hupanda hadi kwenye majani na kutoka kama mvuke kupitia vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Mengine hupaa moja kwa moja kutoka kwenye udongo wenye unyevu. Jumla ya hayo mawili ndiyo mahitaji ya maji ya zao, na huamuliwa zaidi na hali ya hewa: ukali wa jua, joto, upepo na ukavu wa hewa. Kwa hiyo wataalamu hawaanzi na nyanya. Huanza na zao la kulinganishia, nyasi fupi zenye urefu wa sentimita 12, zilizofunika ardhi yote na zisizokosa maji. Kiasi ambacho nyasi hizo zingepoteza kwa siku huitwa ETo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha mwaka 1998 mwongozo wake namba 56, na kanuni ya Penman na Monteith iliyomo humo ndiyo inayotumika leo karibu kila nchi kukokotoa ETo.

Kanuni yenyewe ni ndefu, lakini mwanafunzi halazimiki kuikokotoa kwa mkono. Programu ya CROPWAT, ambayo FAO huitoa bure, hupokea joto, unyevu wa hewa, upepo na saa za jua, kisha huleta jibu. Pasipo kompyuta kuna beseni la kupimia uvukizi, lile la mabati lenye kipenyo cha sentimita 121 na kina cha sentimita 25 linaloonekana kwenye vituo vya hali ya hewa. Kila asubuhi mtu hupima maji yameshuka milimita ngapi, halafu huzidisha kwa 0.7 hivi, kwa kuwa maji ya wazi ndani ya bati lililopata joto hupaa haraka kuliko yanavyotoka kwenye nyasi. Beseni likishuka milimita 7, ETo ni karibu 5. Hiyo 5 ndiyo itakayotumika katika hesabu zote zinazofuata. Ni kiasi cha kawaida kwa siku kavu yenye jua kwenye tambarare ya joto, ingawa anayefanya hesabu ya shamba lake halisi anapaswa kuitafuta ya kwake, mwezi kwa mwezi.

Kutoka kwenye nyasi hadi kwenye nyanya kuna hatua moja tu, ya kuzidisha kwa kizidisho cha zao kinachoandikwa Kc:

```
ETc = Kc × ETo
```

Kwa nyanya, mwongozo wa FAO unatoa Kc ya 0.6 katika siku 30 za mwanzo, mche ukiwa bado mdogo. Katika siku 40 zinazofuata inapanda hadi 1.15, na hubaki hapo siku nyingine 40 za maua na matunda. Mwishoni, matunda yanapoiva na majani kuchakaa, hushuka hadi 0.8 hivi kwa muda wa siku 25. Kipindi cha maua na matunda ndicho kigumu kuliko vyote, maana hapo nyanya inatumia maji mengi kuliko zile nyasi zenyewe: 1.15 mara 5 ni milimita 5.75 kwa siku.

Milimita huwachanganya wengi, kwa sababu maji yamezoeleka kupimwa kwa ndoo. Ufunguo ni mmoja: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Ekari ina takribani mita za mraba 4,000. Basi milimita 5.75 kwenye ekari moja ni lita 23,000 kwa siku. Mwanzoni mwa msimu, kwa Kc ya 0.6, ni lita 12,000. Mkulima anayemwaga kiasi kile kile tangu siku ya kupandikiza hadi mavuno anazamisha miche michanga, halafu anaikausha mimea iliyobeba matunda. Na jambo hilo hutokea kwenye mifereji na kwenye matone vile vile.

Ukijumlisha siku zote 135, ukichukua wastani wa Kc pale inapopanda na inaposhuka, msimu mzima unahitaji karibu milimita 617, yaani mita za ujazo 2,470 kwa ekari. FAO hutaja milimita 400 hadi 600 kwa nyanya ya siku 90 hadi 120, kwa hiyo jibu hili la msimu mrefu zaidi linakubalika. Ni vyema kila hesabu ipitishwe kwenye kipimo cha namna hiyo. Mwanafunzi aliyepata milimita 6,000 amekosea nukta mahali fulani, na jibu lake lenyewe linapiga kelele.

Mvua ikinyesha hupunguzwa humo, lakini si yote. Mvua ndogo hulowesha majani na vumbi la juu tu kisha hupaa. Njia nyepesi ya FAO kwa mwezi wenye mvua chini ya milimita 75 ni kuzidisha mvua kwa 0.6 na kutoa 10. Mwezi wa milimita 50 basi humpa mkulima milimita 20 za kuhesabiwa, na mwezi wa milimita 15 haumpi kitu. Mifano ya hapa inachukulia kiangazi kitupu.

Sasa maji yanaingia ardhini, na hapa ndipo njia mbili zinapoanza kuachana. Udongo ni ghala. Udongo wa tifutifu ulioelekea mfinyanzi hushika karibu milimita 150 za maji yanayoweza kuvutwa na mizizi katika kila mita moja ya kina. Mizizi ya nyanya ikifika sentimita 70, ghala lina milimita 105. Mmea hauwezi kuyatumia yote bila kuumia, kwani kadiri udongo unavyokauka ndivyo unavyong'ang'ania maji yaliyobaki. Kwa nyanya, inashauriwa kurudisha maji kabla ya asilimia 40 kutumika, yaani milimita 42. Gawanya 42 kwa 5.75 za kila siku: ni siku saba.

Siku hizo saba ndizo zinazoamua kama mfereji utafaa. Maji ya mfereji huja kwa zamu. Zamu ikiwa ya wiki moja, mwenye udongo huu yuko salama. Zamu ikiwa ya siku kumi, milimita 57.5 zitakuwa zimeondoka kabla lango halijafunguliwa, na nyanya zitakuwa zimeanza kuumia siku tatu kabla. Dalili haziji zote kwa mpigo. Kwanza majani hulegea adhuhuri, na maua hudondoka. Kisha, maji yakija kwa wingi baada ya ukame, matunda hupasuka, na mengine huonesha doa jeusi la kuoza kitakoni, kwa sababu kalsiamu husafiri na maji na haikulifikia tunda kwa wakati. Wengi hulaumu mbegu au hununua dawa ya kuvu, na tatizo lilikuwa kalenda ya zamu. Kwenye udongo wa kichanga, ambao ghala lake ni chini ya nusu ya lile, nyanya ingetaka maji kila baada ya siku mbili au tatu, na mfereji wenye zamu ya wiki hauwezi kuihudumia hata mto ukijaa.

Tuseme zamu ni ya siku saba. Mkulima anadaiwa milimita 40 za kurudisha. Hata hivyo kwenye mfereji hawezi kumwaga 40, kwa kuwa si zote zitafika kwenye mizizi. Kwa mifereji ya matuta, ufanisi unaochukuliwa kwa kawaida ni asilimia 60. Anagawanya 40 kwa 0.6 na kupata milimita 67, ambazo kwa ekari ni lita 268,000. Kama lango lake linatoa lita 10 kwa sekunde, atalihitaji kwa saa saba na nusu. Akipewa saa nne, hata amwagie kwa bidii namna gani, karibu nusu ya shamba litabaki na deni.

Asilimia 40 zilizopotea zilikwenda wapi? Sehemu kubwa hupotea kichwani mwa mfereji na mkiani. Maji yanapoingia kwenye mtaro, sehemu ya mwanzo huloa mara moja na kuendelea kunywa muda wote ambao maji yanasafiri kwenda mwisho. Ikiwa udongo huhitaji saa nne kunyonya milimita 40, na maji yakachukua saa tatu kufika mwisho, basi ili mkia upate saa zake nne, kichwa kitakuwa kimekunywa kwa saa saba. Ziada hiyo hushuka chini ya mizizi na kubeba mbolea ya naitrojeni. Kanuni ya wanaomwagilia kwa mifereji ni kwamba maji yafike mwisho katika robo ya muda wa kunyonya, hapa saa moja. Dawa yake si kufungua mitaro yote kwa pamoja, kosa ambalo ni la kawaida sana, kwani kila mtaro hupata maji membamba yanayotambaa. Fungua michache kwa maji mengi, na yakikaribia mwisho punguza. Mtaro mrefu mno ukatwe mara mbili. Kuna mpaka lakini: maji mengi kwenye mteremko huchukua udongo. Mwongozo wa zamani husema ugawe 0.6 kwa asilimia ya mteremko, na jibu ni lita kwa sekunde ambazo mtaro mmoja unaweza kubeba bila kumomonyoka. Mteremko wa asilimia 0.5 unastahimili lita 1.2.

Kuthibitisha hakuhitaji mashine. Siku moja baada ya kumwagilia, mtu huchukua nondo nyembamba na kuichomeka kwenye tuta. Huzama kwa urahisi kwenye udongo uliolowa na kukwama ulipo mkavu. Ikizama sentimita 90 kichwani na 30 mkiani, mkulima ameona kwa mkono wake ule upungufu ambao vitabu huuita ufanisi.

Kwa matone hesabu inageuka. Ghala la udongo halihesabiwi tena kwa wiki, maana maji hurudishwa kila siku au kila baada ya siku mbili. Ufanisi unaochukuliwa ni asilimia 90: milimita 5.75 ukigawanya kwa 0.9 ni 6.4 hivi, karibu lita 25,600 kwa ekari kwa siku. Mipira ikilazwa mita 1.2 kutoka mmoja hadi mwingine, ekari inameza mita 3,333 za mpira. Matundu yakiwa kila sentimita 30, ni matundu 11,000 na zaidi kidogo. Kila tundu likitoa lita 1.6 kwa saa, shamba zima linapokea karibu lita 17,800 kwa saa, na kazi ya siku inamalizika kwa saa moja na dakika 26.

Hesabu hiyo pia hufichua jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi mara nyingi. Tangi la lita 1,000 juu ya kichanja, picha inayopendwa sana kwenye matangazo, lingejazwa mara 25 au 26 kila siku ili kutosheleza ekari moja ya nyanya zenye matunda. Tangi hilo ni la bustani ya mboga. Kwa ekari inatakiwa pampu, na kwa kuwa pampu ndogo haiwezi kutoa lita 17,800 kwa saa kwa mgandamizo unaofaa, shamba hugawanywa vitalu vinne vyenye koki zao. Kila kitalu hunywa lita 4,450 kwa saa, na kazi yote inachukua karibu saa sita.

Mgandamizo ndio moyo wa mfumo. Matundu mengi ya kawaida hutoa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi yake yakipata bar 1, sawa na maji yaliyo juu mita 10. Kichanja cha mita 1 hutoa bar 0.1 tu. Tena mtiririko haushuki sambamba na mgandamizo, bali kwa kipeuo chake cha pili: ukipata bar 0.25, tundu la lita 1.6 hutoa lita 0.8. Mkulima aliyefundishwa kufungua dakika 86 atakuwa amempa mmea nusu ya haki yake, na kwa juu kila kitu kitaonekana sawa, udongo ukiwa na yale madoa mazuri ya unyevu. Kipo pia kipeo maalumu: mipira inayojirekebisha yenyewe hutoa kiasi kile kile kwa mgandamizo tofauti, lakini bei yake iko juu, na nayo ina kiwango cha chini isichovuka.

Kwa hiyo matone nayo hupimwa. Chagua matundu 16 yaliyosambaa shambani, karibu na pampu, katikati na kwenye ncha za mipira. Weka kikombe chini ya kila moja kwa dakika 15. Tundu la lita 1.6 linapaswa kutoa mililita 400. Kisha chukua vikombe vinne vilivyopata kidogo kuliko vyote, tafuta wastani wake, na ugawanye kwa wastani wa vyote 16. Vinne vikiwa na wastani wa 330 na vyote 380, jibu ni asilimia 87, shamba zuri. Vinne vikiwa na 190, ni asilimia 50, na mfumo huo wa gharama umeshakuwa na usawa mbaya kuliko mfereji uliosawazishwa vizuri.

Sababu karibu kila mara ni kuziba. Maji ya mfereji au mto huja na matope na mwani, na maji ya kisima huweza kuja na chuma au chokaa. Chujio la kuzuia chembe zaidi ya maikroni 130 huwekwa baada ya pampu, na husafishwa kila siku pale maji yanapokuwa machafu. Ncha za mipira hufunguliwa mara kwa mara ili matope yaliyotulia yatoke. Chokaa iliyoganda huyeyushwa kwa asidi inayopitishwa kwenye mipira kwa kipimo. Kuna pia chumvi, ambayo tambarare hizi za chini zinaifahamu: matone huisukuma hadi ukingoni mwa sehemu iliyolowa, na huko hukaa kama pete nyeupe. Mvua ya kwanza ikinyesha kidogo huirudisha kwenye mizizi, ndiyo maana wakati wa mvua hiyo mfumo hauzimwi, jambo linaloshangaza majirani.

Kwa msimu mzima, basi, mfereji hutumia mita za ujazo 4,110 kwa ekari na matone 2,740. Mwanzoni mwa msimu faida ya matone ni kubwa zaidi ya hapo, kwa kuwa hulowesha ukanda mwembamba tu na udongo wa katikati haupotezi mvuke. Mkulima ameokoa karibu mita za ujazo 1,370, na sasa anaweza kwa maji yale yale kumwagilia ekari moja na nusu. Wengi hufanya hivyo, na ni haki yao kutaka mavuno zaidi.

Lakini sehemu ya maji yaliyokuwa yakivuja kwenye mfereji haikuwa imepotea kwa kila mtu. Mengine yalipaa au kuishia kwenye vinamasi vya chumvi, na kuyaokoa hayo ni faida ya kweli. Mengine yalishuka ardhini na kurudi kwenye visima na mito ya chini, kuelekea Kahe na bwawa la Nyumba ya Mungu. Ekari moja ya nyanya ilikuwa ikirusha angani mita za ujazo 2,470, na ekari moja na nusu inarusha 3,700. Ripoti ya FAO ya mwaka 2017, iliyoandikwa na Chris Perry na Pasquale Steduto, ilichunguza kama teknolojia bora za umwagiliaji zinaokoa maji, na ikakuta kwamba mara nyingi matumizi halisi huongezeka pale maji yaliyookolewa yanapobaki mikononi mwa mwenye shamba. Katika Bonde la Pangani, kibali cha kutumia maji huhesabu yanayoingia langoni. Langoni mwa mkulima huyu kipimo kitasoma 4,110 kama msimu uliopita, na mto ulio chini yake utakuwa na hadi mita za ujazo 1,230 pungufu.